Onyesho la 9, Shoti ya 14: Korido inarefuka nyuma ya Zuhura

Zuhura amesimama katikati ya korido ya jengo la nyaraka, akitazama kamera huku faili likiwa wazi kifuani pake, na mlango wa chuma aliouingilia uko mita 12 nyuma yake. Anaposoma jina lake mwenyewe kwenye orodha ya watu waliokwisha kufariki, kamera inamsogelea kwa mwendo laini na wakati huohuo lenzi inapanuka kwa kiasi kilekile. Uso, mabega na faili havikui wala havipungui ndani ya fremu, ilhali korido inavutika kwenda nyuma, kuta zinajitokeza pande zote mbili, taa za dari zinaachana, na mlango unasinyaa hadi unabaki chini ya nusu ya ukubwa wake wa mwanzo. Hakuna anayetembea na hakuna kinachosogezwa katika korido. Ni umbali tu unaoongezeka.

Shoti inaanza lenzi ikiwa milimita 70 na kamera ikiwa mita 4.2 kutoka kwa Zuhura, na inaishia milimita 25 kwenye mita 1.5. Kila sentimita 6 ambazo doli inasogea mbele zinapunguza milimita moja ya lenzi, kwa hiyo alama za reli ziwekwe kila sentimita 60, na pete ya zumu iwekewe alama za 60, 50, 40 na 30 zinazolingana nazo, kisha 25 mwishoni. Kwa kihisio cha Supa 35 tunachotumia, upana unaoonekana pale aliposimama Zuhura utabaki takriban mita 1.5 tangu mwanzo hadi mwisho. Korido yenyewe ina upana wa mita 2, na kwenye mlango itajaza kama theluthi ya fremu tunapoanza, kisha sehemu moja tu kati ya saba tunapomaliza. Tofauti hiyo ndiyo shoti yenyewe, na ikikosekana kwenye monita hakuna sababu ya kuendelea kupiga.

Kamera isimame kabisa kwa sekunde 2 za kwanza, ili mtazamaji aizoee korido kabla haijaanza kumtoroka. Mwendo uchukue sekunde 5, ukianza polepole na kuisha polepole, na sekunde 2 za mwisho zibaki bila mwendo wowote. Anayesukuma doli ndiye anayeongoza. Anayezungusha zumu amfuate yeye na asijaribu kumtangulia, kwa maana zumu ikiwahi, Zuhura atapungua ghafla kisha atakua tena, na jicho la mtazamaji hunasa kosa hilo upesi kuliko kosa la fokasi. Lenzi iwe sentimita 14 chini ya usawa wa macho ya Zuhura na sambamba na sakafu, na kamera isiinamishwe hata kidogo, ili macho yake yakae penye mstari wa theluthi ya juu muda wote. Kwenye monita yawekwe mistari miwili ya mkanda, mmoja utosini na mwingine kwenye ukingo wa chini wa faili, na mwongozaji atahukumu kila teki kwa mistari hiyo.

Zuhura asiegemee mbele wala nyuma, kwani hatua ndogo ambayo haionekani kwenye mita 4 inaharibu kila kitu kwenye mita 1.5. Apumue, amalize kusoma, ainue macho mwendo unapoanza, na asipepese macho hadi kamera isimame.

Idara ya taa izingatie kwamba mwanzoni kuta zinaonekana kuanzia mita 1.4 hivi nyuma ya Zuhura, lakini mwishoni zinaonekana kuanzia nusu mita. Stendi iliyofichika vizuri katika jaribio la kwanza itaingia kwenye fremu mwendo ukiwa umekwisha kufika mbali, na dari pia itafunguka, kwa hiyo maiki isishushwe kutoka juu. Taa kuu ikae pembeni, kwa sababu kamera ikifika karibu kivuli chake kinaweza kumwangukia kifuani. Upenyo wa lenzi usifunguliwe kupita f/8. Mlango hautakuwa mkali mwanzoni, na si lazima uwe mkali, ila umbo lake ni lazima lisomeke, la sivyo hakutakuwa na kitu cha kusinyaa.

Katika uhariri, shoti itumike nzima bila kukatwa katikati ya mwendo. Kama ukubwa wa Zuhura umeyumba kidogo, mhariri anaruhusiwa kurekebisha fremu kwa kuikuza hadi asilimia 5. Teki iliyoyumba zaidi ya hapo iachwe, na tuchukue inayofuata kwa ubora.