Waandishi wawili wa jina Mohamed kwenye katalogi: maswali na majibu

Swali: Nimetafuta "Mohamed" kwenye kompyuta ya maktaba hapa Mwanza, vitabu vimechanganyika. Ni mtu mmoja?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kuna Said Ahmed Mohamed aliyeandika Utengano, na Mohamed Suleiman Mohamed aliyeandika Kiu, wote Wazanzibari, wote riwaya, ndo maana watu wanawachanganya kila siku.

Swali: Sasa nawatofautishaje?

Jibu: Usiishie kwenye jina la mwisho, soma yale yanayofuata baada ya koma, halafu angalia mwaka wa kuzaliwa kwenye mstari wa mwandishi ndani ya rekodi ya kitabu:

```
100 1_ $a Mohamed, Said Ahmed, $d 1947-
```

Hiyo `$d`, alama inayotangulia mwaka, ndo mkombozi, ila rekodi nyingi hazina, basi fungua kitabu chenyewe, ukurasa wa jina la kitabu na maelezo ya mwandishi jalada la nyuma.

Swali: Kadi imeandikwa "Mohamed, S." tu?

Jibu: Hapo usikisie kabisa! S inaweza kuwa Said, inaweza kuwa Suleiman. Tafuta kwa jina la kitabu au ISBN, ukikuta kosa mwambie mkutubi, mwanafunzi wa Nyamagana au Ukerewe atakayekuja kesho asipotee.