Mazoezi, ada na jezi

Vijana wa Makorora, asalaam aleikum na habari za jioni.

Mazoezi ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa 10:30 jioni. Nikisema saa 10:30 nina maana umeshafunga njumu, si ndiyo kwanza unatoka kuoga. Tukichelewa, wale wa veterani wanatuwahi uwanja, na mnajua hawatoki mpaka adhana ya magharibi.

Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi, apewe mweka hazina kabla ya tarehe 5. Hela hiyo inanunua maji, chokaa na kuziba mpira. Aliyekwama anifuate pembeni tuzungumze, sitamtangaza. Ila mwenye hela ya chipsi kila siku asinililie.

Sasa jezi. Zilitoka 16, zimerudi 14. Namba 7 na namba 11 zipo mtaani, moja nimeiona kwa macho yangu inaendeshea bodaboda! Kuanzia sasa kila mtu anasaini jezi yake, anaifua mwenyewe, na anairudisha kwa kapteni Jumatatu. Zianikwe kivulini, namba zinabanduka juani. Ukipoteza, unalipa. Mipira na vizibao wanabeba wadogo na wakubwa kwa zamu, kipa naye yumo.

Kocha