Ratiba ya Wiki Mbili Kabla ya Moko: Fizikia, Kemia na Bayolojia

Mdogo wangu,

Moko inaanza Jumatatu tarehe 20 Julai. Ratiba hii inaanza kesho tarehe 6 na inakwisha Jumapili usiku tarehe 19. Nimeipanga kwa kuangalia alama zako za muhula uliopita: Fizikia 38, Kemia 51, Bayolojia 67. Kwa hiyo usishangae kuona Fizikia imekula saa nyingi. Najua Bayolojia ndiyo unayoipenda, na mtu hupenda kusoma anachokiweza, lakini alama za kuongeza ziko upande wa pili.

Jambo moja nalisisitiza kuliko yote. Kufungua daftari na kupitisha macho si kusoma. Kila kipindi kinaanza na karatasi tupu: daftari limefungwa, unaandika yote unayoyakumbuka kuhusu mada kwa dakika kumi. Kisha unafungua daftari na kujaza yaliyokosekana kwa kalamu nyekundu. Baada ya hapo ni maswali. Hiyo nyekundu ndiyo itakayokuonyesha pa kurudi.

Saa za siku za shule

Baada ya swala ya alfajiri, saa 12:00 hadi 12:45 asubuhi: marudio ya mada ya jana usiku, kwa karatasi tupu.
Saa 11:30 jioni: kurudi nyumbani, kuchota maji, kuoga, kupumzika. Usiguse kitabu.
Baada ya Magharibi, saa 1:30 hadi 2:20 usiku: kipindi cha kwanza.
Isha na chakula.
Saa 3:00 hadi 4:15 usiku: kipindi cha pili, maswali tu.
Saa 4:45 usiku: kulala.

Nimeshaongea na mama. Vyombo vya usiku ataviosha mdogo wetu kwa wiki hizi mbili, na simu yako itakaa chumbani kwa mama kuanzia Magharibi. Taa ya sola iwekwe juani kila asubuhi hata kama umeme upo, maana umeme ukikatika saa tatu usiku hakuna wa kuuliza.

WIKI YA KWANZA: kuziba mapengo

Jumatatu 6. Fizikia: mekanika. Mwendo wa kitu kilichorushwa, kani, kazi na nishati. Kila swali la kitu kilichorushwa, gawa kasi sehemu mbili kabla ya kuandika fomula yoyote: ya mlalo haibadiliki, ya wima inabadilishwa na mvutano wa dunia. Wengi huchanganya hizo mbili katika mstari mmoja na swali lote linapotea.
Swali la usiku: maji ya maporomoko ya Murchison yanaanguka kama mita 43. Ikiwa nishati yote inageuka joto ndani ya maji, joto lao linapanda kwa kiasi gani? Masi inajifuta pande zote mbili, unabaki na gh = cΔT. Chukua g = 9.81 na c = 4200. Jibu ni karibu 0.1 K. Usilikubali kwa sababu nimelisema mimi, lifanye.

Jumanne 7. Kemia: asidi, besi na msawazo. pH ya asidi dhaifu, bafa, Ka. Anza na asidi ya ethanoiki ya 0.1 M, Ka = 1.8 × 10⁻⁵. Ukipata pH 1 umeifanya kama asidi kali. Jibu sahihi ni 2.87. Ukishaelewa kwa nini zimetofautiana, maswali ya bafa hayatakutisha tena.

Jumatano 8. Fizikia: joto. Joto mahsusi, joto fiche, upitishaji wa joto, sheria za gesi. Jaribio la kupima upitishaji wa joto wa metali lieleze kwa maandishi, na mchoro wenye majina. Maswali ya "eleza jaribio" yana alama nyingi na wewe huyaruka. Wiki hii huruki hata moja.

Alhamisi 9. Bayolojia: urithi. Kipindi cha kwanza tu. Cha pili ni Fizikia, maswali matatu ya joto uliyokosa jana.
Kwenye urithi chukua selimundu, ugonjwa tunaoujua sote nyumbani. Wazazi wote wawili ni AS. Chora jedwali: robo AA, nusu AS, robo SS. Sasa jiulize: kama mtoto wa kwanza ni SS, uwezekano wa wa pili kuwa SS ni kiasi gani? Ni robo ileile, maana kila uzazi unajitegemea. Halafu eleza kwa nini jeni hiyo haijapotea kwenye maeneo yenye malaria: mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali kuliko mwenye AA, kwa hiyo jeni inaendelea kurithishwa. Andika maelezo hayo kwa Kiingereza, aya moja, kama utakavyoandika kwenye mtihani. Kuelewa kwa Kiswahili ni sawa kabisa, nami ndivyo nilivyosoma, lakini msahihishaji atasoma Kiingereza chako.

Ijumaa 10. Kemia: kaboni. Alkeni, alkoholi, asidi za kaboksiliki. Chora ramani moja kubwa ya kutoka kundi moja kwenda jingine, na kwenye kila mshale andika kemikali na masharti yake. Mshale usio na masharti haupati alama. Kipindi cha pili hakuna, lala mapema.

Jumamosi 11. Siku ndefu.
Saa 2:30 hadi 5:00 asubuhi: Fizikia karatasi ya kwanza ya mwaka uliopita, nzima, saa mbili na nusu, mlango umefungwa. Hakuna kuangalia mwongozo katikati.
Saa 5:00 hadi 6:00: tembea, kula. Ukitaka chapati ya mayai pale kwenye kona, mwombe mama, nimemwachia hela yake.
Saa 8:00 hadi 10:00 mchana: jisahihishe kwa mwongozo. Usijihurumie. Kila kosa liandike kwenye daftari la makosa, na pembeni sema ni kosa la aina gani: sikujua, nilijua nikasahau, au nilikosea hesabu. Aina tatu hizo hutibiwa tofauti. Kama ni "sikujua", rudi kwenye mada. Kama ni "nilisahau", ongeza marudio ya asubuhi. Hesabu ikikupiga, basi andika vipimo kwenye kila mstari, utaona lilipoteleza.
Usiku: pumzika.

Jumapili 12. Asubuhi sabumathi, saa moja na nusu, takwimu na uwezekano. Mchana Bayolojia: usanisinuru na upumuaji wa seli, ukilinganisha nini kinaingia na nini kinatoka. Saa 10:00 jioni nipigie simu, nisomee daftari la makosa.

WIKI YA PILI: karatasi na vitendo

Jumatatu 13. Fizikia: umeme. Ukinzani, potenshiomita, kapasita. Chora sakiti kwanza, hata kama swali halijaiomba.

Jumanne 14. Vitendo, Kemia. Muombe mwalimu wa maabara akuruhusu kubaki baada ya masomo. Wanafunzi wengine wa PCB watakuja nawe. Kwenye titresheni, bureti inasomwa hadi desimali mbili, na tarakimu ya mwisho ni 0 au 5. Soma chini ya mkunjo wa kimiminika, jicho likiwa sawa nao. Ondoa faneli juu ya bureti kabla ya kusoma, kwa sababu tone moja likidondoka baadaye linaharibu kila kitu. Wastani unachukuliwa kwa vipimo vinavyokaribiana tu, visivyopishana zaidi ya 0.10 cm³. Kile cha kwanza cha kukisia usikiingize.
Usiku: majaribio ya ayoni, karatasi tupu. Amonia ya majimaji kidogo kidogo, kisha ya kuzidi, na unachokiona kila hatua. Andika ulichokiona kabla ya ulichohitimisha.

Jumatano 15. Vitendo, Fizikia. Pendulumu. Pima muda wa mizunguko 20, si mmoja, kisha gawa. Jedwali liwe na vipimo juu ya kila safu, na desimali zilingane safu nzima. Grafu ya T² dhidi ya l inatoa mteremko wa 4π²/g, kama 4.03 s²/m ukitumia g = 9.8. Ukipata 400 au 0.04, umechanganya sentimita na mita. Pembetatu ya mteremko iwe kubwa, ichukue zaidi ya nusu ya mstari uliochora.

Alhamisi 16. Bayolojia. Asubuhi mchoro mmoja kwa penseli iliyochongwa: mistari safi, bila kupaka kivuli, majina kwa mistari isiyokatana. Ukuzaji ni urefu wa mchoro gawa kwa urefu wa kitu chenyewe, na vyote viwe milimita. Usiku karatasi ya pili, maswali mawili ya insha, dakika 35 kila moja.

Ijumaa 17. Fizikia ya kisasa. Athari ya fotoumeme, nusu-uhai. Kipindi kimoja kinatosha.

Jumamosi 18. Asubuhi Kemia karatasi ya kwanza nzima, kwa saa. Mchana Fizikia karatasi ya pili, lakini chagua maswali matano kwanza kwa kusoma yote kwa dakika kumi. Mwaka jana ulianza na la kwanza kwa sababu liko juu, ukaacha mepesi nyuma. Jioni jisahihishe zote mbili. Ukichoka sana, ya Fizikia ihamishie Jumapili asubuhi.

Jumapili 19. Daftari la makosa tu, saa 3:00 hadi 5:00 asubuhi. Baada ya adhuhuri hakuna kitabu kipya. Kagua betri ya kikokotoo, kalamu mbili, penseli, rula, kamba ya kitambulisho. Chakula mapema, kulala saa 3:30 usiku.

Ikitokea umepotewa na siku moja, kwa mgonjwa au mgeni au umeme, usijaribu kuilipa kwa kukesha. Ifute na uendelee na siku inayofuata kama ilivyo. Ukipotewa na siku ya vitendo tu ndipo unipigie, tupange nyingine.

Wiki ya mtihani yenyewe iko hivi: Jumatatu 20 Fizikia karatasi ya kwanza, Jumanne Kemia ya kwanza, Jumatano Bayolojia ya kwanza, Alhamisi Fizikia ya pili, Ijumaa Kemia ya pili, na Bayolojia ya pili Jumatatu 27. Vitendo vinafuata. Ukitoka kwenye karatasi usisimame mlangoni kulinganisha majibu na wenzako. Nenda nyumbani ukale, kisha ufungue daftari la makosa la somo la kesho. Nitapiga simu Ijumaa usiku baada ya Isha, na hapo ndipo tutazungumza majibu yote, hata hadi saa tano.

Dada yako