Barua ya Mapendekezo kwa Rehema Masunga Luhende

Idara ya Parasitolojia ya Tiba,
Mwanza.
14 Julai 2025

Mwenyekiti,
Kamati ya Ufadhili wa Utafiti wa Uzamili.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MAPENDEKEZO YA REHEMA MASUNGA LUHENDE KWA UFADHILI WA UTAFITI, SHAHADA YA UMAHIRI KATIKA PARASITOLOJIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Namfahamu Rehema tangu akiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika somo langu la helminthi. Nilisimamia mradi wake wa mwaka wa mwisho mwaka 2022, na tangu Januari 2023 ni mtafiti msaidizi katika maabara ninayoiongoza. Ninampendekeza bila kusita, na sababu zangu ziko zaidi kwenye meza ya maabara kuliko kwenye cheti chake.

Cheti chenyewe mmekiona. Alihitimu kwa wastani wa 3.7, daraja la pili la juu, na biokemia aliifaulu kwa mtihani wa marudio. Najua macho ya kamati yatatua hapo, kwa hiyo naomba niseme ninachokijua: tangu mwaka jana, wanafunzi wetu wakikwama kwenye kukokotoa viwango vya mchanganyiko au kuelewa bafa inafanya kazi gani, wanakwenda kwa Rehema kabla ya kuja kwangu. Lile somo alilirudia mpaka likamwingia.

Utafiti wetu ni wa kichocho cha tumbo kwa watoto wa shule za msingi kando ya Ziwa Victoria, upande wa Magu. Kipimo cha kila siku huko ni Kato-Katz, na watu wengi hukidharau kwa sababu kinaonekana rahisi: kichujio, kijisahani chenye tundu la miligramu 41.7, karatasi ya selofani iliyolowekwa kwenye gliserini, basi. Wanakamati mliowahi kukaa nyuma ya hadubini mnajua urahisi huo ulivyo wa uongo. Tundu lisipojaa sawasawa, hesabu nzima imeharibika, maana kila yai linalohesabiwa huzidishwa kwa 24 ili kupata idadi kwa gramu. Slaidi ikibanwa vibaya, kinyesi kinatoka pembeni. Ikicheleweshwa, gliserini inayafuta mayai ya minyoo ya safura, na mtoto mwenye safura anaandikwa mzima. Slaidi za Rehema huwa nyembamba na sawa kiasi kwamba unaweza kusoma gazeti ukiwa umeziweka juu yake, na ndivyo zinavyotakiwa kuwa.

Ni yeye pia aliyependekeza hadubini zihamie shuleni badala ya kubeba slaidi hadi Mwanza. Alipanga meza, saa na zamu za wasomaji ili kila slaidi isomwe kwa safura ndani ya saa moja tangu itengenezwe, kisha irudiwe baadaye kwa mayai ya kichocho, ambayo huvumilia. Utaratibu huo ndio tunaoufuata sasa. Slaidi zake hurudiwa na fundi sanifu mwandamizi asiyejua majibu ya kwanza, na hesabu zao hukaribiana kuliko za msomaji mwingine yeyote tuliye naye, mimi nikiwemo.

Lakini kilichonifanya niandike barua hii kwa moyo mmoja ni kazi ya PCR ya mwaka 2023. Kato-Katz hukosa maambukizi mepesi, hasa baada ya watoto kupewa prazikwanteli, kwa hiyo tulitaka kutafuta vinasaba vya kichocho kwenye kinyesi. Kuanzia Mei mambo yalikataa. Sampuli ambazo sote tuliona mayai yake kwa macho, yenye mwiba wake wa ubavuni, zilitoka hasi kwenye mashine. Sampuli ya uhakika iliyotoka kwenye minyoo wakubwa iliwaka kila mara. Wenzake wawili walisema vitendanishi vimeharibika njiani, tuagize vingine. Kuagiza huchukua miezi, na fedha hatukuwa nazo.

Rehema hakubahatisha. Alichukua vinasaba vya uhakika akavichanganya na kimiminika kilichotoka kwenye kinyesi cha mtoto, akapima tena. Ile ishara iliyokuwa ikiwaka siku zote ikapotea. Hapo akawa amejua kwamba vitendanishi havina kosa. Kuna kitu ndani ya kinyesi kinachozuia mmenyuko. Akapunguza ukali wa kimiminika mara kumi, ishara ikarudi, ingawa dhaifu. Akaongeza albumini, ikaimarika. Baadhi ya sampuli bado zilikataa, na hapo akashuku ganda la yai lenyewe: akaanza kuzitikisa na shanga ndogo za kioo kabla ya kuchuja, ili ganda lipasuke. Kila jaribio alibadili kitu kimoja tu. Daftari lake la miezi ile lina kurasa nyingi za majibu hasi, kila moja ikiwa na namba ya toleo la kitendanishi, joto na jina la aliyeshika pipeti. Kufikia Novemba kipimo kilisimama, na bado kimesimama.

Katikati ya safari hiyo kulitokea jambo dogo ambalo mimi nalithamini kuliko ushindi wenyewe. Siku moja kisima cha maji matupu kiliwaka. Majibu ya sampuli za juma lile yalikuwa mazuri mno, yale tuliyoyangoja kwa muda mrefu, na hakuna aliyekuwa ameona isipokuwa yeye. Aliyafuta yote, akasafisha meza na pipeti, akaanza upya, kisha ndipo akanijulisha.

Kwa konokono nitasema kwa kifupi. Anawatambua Biomphalaria ufukweni bila kusitasita, anajua kuwaweka kwenye mwanga ili watoe serkaria, na hajawahi kuingiza mkono usio na glavu kwenye maji hayo. Walipoanza kufa kwenye matangi yetu, ni yeye aliyegundua kwamba klorini ya maji ya bomba ndiyo inayowaua.

Ana mapungufu, na si haki niyafiche. Huandika polepole. Ripoti yake ya kwanza ilikuja imechelewa na ikiwa fupi mno, kana kwamba kila sentensi imetozwa kodi. Kwenye semina hukaa kimya hata pale anapojua jibu kuliko msemaji. Msimamizi atakayempata amwulize moja kwa moja, naye atajibu. Asingoje anyooshe mkono. Uandishi umeanza kukua: sehemu ya mbinu katika andiko lake la maombi ameiandika mwenyewe, mimi nimegusa nukta na mkato tu.

Anachotaka kukitafiti ni maambukizi mepesi yanayobaki baada ya tiba, yale yanayoonekana kuwa sifuri kwenye slaidi. Kwa vifaa tulivyonavyo nimemfikisha nilipoweza. Anahitaji maabara yenye PCR ya kupima kiasi, na muda wa kufanya kazi bila kukatizwa na mikataba ya miezi mitatu mitatu. Kati ya wahitimu niliowasimamia, ni wachache sana ambao ningewakabidhi sampuli zisizoweza kukusanywa tena. Rehema ningemkabidhi leo.

Simu na barua pepe yangu zipo kwenye fomu niliyoambatisha. Mkihitaji kuona nakala za daftari lake la maabara, ameridhia nizitume.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Dkt. Yohana K. Magesa
Mhadhiri Mwandamizi, Parasitolojia ya Tiba