Yah: Makabidhiano ya kontena la paneli za sola na pampu za Chamwino: mtiririko wa mambo, yaliyobaki na hatua za wiki hii

Dada Rehema,

Habari za kazi. Kama ulivyoelezwa na mkuu wa kitengo, kuanzia Jumatatu tarehe 23 Juni 2025 kazi ya kulitoa bandarini Dar es Salaam kontena la futi 40 lenye pampu tatu za sola na paneli 96, kwa ajili ya visima vya Chamwino, itakuwa mikononi mwako. Mimi nitakuwepo ofisini hadi Ijumaa hii saa kumi jioni.

Nianze na asili ya maelezo haya. Mazungumzo yote na muuzaji yalifanywa na mwenzetu aliyehamishwa mwezi Mei, na sanduku lake la barua pepe limekwisha fungwa. Tulichonacho ni skrinishoti moja ndefu yenye barua 31, ambayo nimeiambatanisha. Isome kutoka chini kwenda juu. Ukingo wake wa kulia umekatwa, kwa hiyo mistari kadhaa inaishia hewani, na jambo moja kubwa limepotelea hapo hapo. Yale niliyoyathibitisha kwa hati nyingine nimeyataja kuwa yamethibitishwa. Mengine yachukue kama yanavyosomeka kwenye picha tu.

Mtiririko

Oda ilisainiwa tarehe 3 Machi, na malipo ya awali ya asilimia 30 yakatumwa wiki hiyo hiyo (imethibitishwa na mhasibu). Tarehe 25 Aprili mkaguzi alikagua mzigo kiwandani kwa ajili ya cheti cha PVoC na kuhesabu paneli 90, ambayo ndiyo ilikuwa idadi ya oda wakati huo.

Tarehe 28 Aprili, saa nne usiku kwa saa zetu, ofisi yetu iliomba paneli sita za akiba. Hapa naomba uwe mwangalifu sana, kwa sababu ombi hilo linaonekana mara mbili kwenye picha: mara ya kwanza lilivyotumwa, na mara ya pili likiwa ndani ya jibu la muuzaji, ambako limeandikwa 29 Aprili saa 03:00. China iko mbele yetu kwa saa tano, hivyo hizo si barua mbili. Nami nilipoisoma mara ya kwanza nilihesabu paneli 12 za nyongeza, nikakaribia kumpigia muuzaji kudai sita "zilizopungua". Orodha ya upakiaji inasema 96, na idadi hiyo ndiyo sahihi.

Muuzaji aliandika kuwa mzigo ungepakiwa "05/06". Mwenzetu aliisoma kama tarehe 5 Juni, akaamini kuwa muda wa kurekebisha cheti upo. Muuzaji alimaanisha tarehe 6 Mei, na hati ya shehena iliyotolewa Ningbo tarehe 9 Mei inalithibitisha hilo. Mkanganyiko huo ndio uliozaa tatizo la cheti ninalolieleza hapa chini, na kosa ni la upande wetu. Meli ilishusha kontena Jumatano tarehe 11 Juni. Hati halisi tatu za shehena zipo kwenye kasiki ya mhasibu, na malipo ya mwisho ya muuzaji yamekwisha fanyika.

Yaliyobaki

La haraka kuliko yote ni siku za bure za kontena. Taarifa ya kampuni ya meli inasema ni siku saba, maana yake zinaisha kesho, tarehe 17. Muuzaji, ambaye ndiye aliyekodi nafasi melini, aliandika tarehe 8 Mei maneno "free time 14 d", na hapo picha imekatwa. Kama ni siku 14, tunao muda hadi tarehe 24. Tozo ni dola 40 kwa siku, kwa hiyo mabishano haya yana thamani ya dola 280 iwapo tutalitoa kontena tarehe 24. Si fedha ya kutisha, ila haina fungu kwenye bajeti ya mradi. Tozo ya kuhifadhi mzigo bandarini ni kitu kingine na ina hesabu yake. Tafadhali usiruhusu mtu azichanganye.

La pili ni cheti cha PVoC, ambacho kinataja paneli 90 ilhali kontena lina 96. Kwenye barua ya 27 kuna ushauri kwamba tuandike 90 kwenye tamko la forodha "ili mambo yaende". Naomba usiufuate, hata kama utarudiwa kwa simu na kwa maneno matamu. Tamko la uongo ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, na sahihi itakayokuwepo pale itakuwa ya ofisi yetu, si ya aliyeshauri.

La tatu ni dogo, lakini linazuia kazi: ankara ya muuzaji imeziweka paneli kwenye namba ya ushuru 8541.40, ambayo iligawanywa katika toleo la mwaka 2022. Paneli zilizokwisha unganishwa sasa ziko 8541.43. Muuzaji ameahidi ankara mpya ifikapo Jumatano.

Hatua zinazofuata

Leo kabla ya saa sita mchana, yaani kabla ofisi ya muuzaji haijafungwa, ninamwandikia anitumie uthibitisho wa nafasi ya meli unaoonyesha siku za bure. Ukifika, nitauwasilisha mwenyewe kwa kampuni ya meli na kuomba jibu la maandishi. Usipofika hadi kesho jioni, nitamwomba mkuu wa kitengo aidhinishe tozo, kwa sababu kusubiri ushindi wa hoja huku siku zikihesabiwa hakutatusaidia.

Kuhusu cheti, wakala wa forodha anapendekeza muuzaji aombe kirekebishwe na kampuni ya ukaguzi iliyokitoa, na nimekwisha tuma maombi hayo. Kwa maoni yangu tusitegemee njia hiyo peke yake: mkaguzi aliziona paneli 90 tu, na anaweza kukataa kusaini kitu ambacho hakukiona. Kwa hiyo Jumatano wakala aulize TBS utaratibu wa kukagua zile sita hapa nchini. Jibu la upande wowote likija baada ya Ijumaa, litakuja kwako. Nimewaomba wote waweke anwani yako kwenye nakala kuanzia leo.

Ankara mpya ikifika, linganisha mambo matatu kabla ya kumpa wakala: idadi 96, namba 8541.43, na jina letu kama lilivyo kwenye hati ya shehena, herufi kwa herufi. Rasimu ya kwanza ilikuwa imeandika "Chamwimo", na tuliigundua kwa bahati tu.

Fundi wa visima anauliza kila asubuhi pampu zitafika lini. Nimemwambia asipeleke kreni kijijini hadi apate barua kutoka kwako, naye amekubali kwa shingo upande.

Naomba tukutane Alhamisi saa tatu asubuhi mezani kwangu, tupitie skrinishoti pamoja, hasa barua ya 19 hadi ya 27. Jalada la karatasi lenye hati zote nilizozitaja nitakukabidhi siku hiyo hiyo, na tutasaini wote wawili.

Wako katika kazi,
Salum
Ofisa Ununuzi

Nakala: Mkuu wa Kitengo cha Ununuzi, Mhasibu wa Mradi