Daftari la Matukio ya Uonevu: Bweni la Wavulana, Mafinga, Muhula wa Kwanza 2025

Linatunzwa na mwalimu wa malezi, kabatini, chini ya kufuli. W ni aliyeonewa, T ni mtuhumiwa. Namba ya mtu haibadiliki muhula mzima, na orodha ya majina anayo mkuu wa shule. Andika siku hiyohiyo: mahali, saa, maneno yaliyosemwa. Usiandike "mtukutu" au "mkorofi", hayo hayahesabiki. "Ameonywa" ni hatua, si matokeo. Matokeo huulizwa baada ya wiki 2, W akiwa peke yake.

22/1, Jumatano, saa 3:40 usiku, bombani. KUTUMIKISHWA. W1 (kidato cha 1) amechoteshwa ndoo 2 na T1 (kidato cha 3): "Njuka hachoki." Hatua: T1 ameonywa na patroni. Matokeo 5/2: W1 hachoteshwi tena.

6/2, Alhamisi, saa 3:45 usiku, bombani. KUTUMIKISHWA. W2 amefulishwa soksi na shati la T1. Hatua: T1 amepewa adhabu ya usafi, siku 3. Matokeo 20/2: W2 anasema "sawa tu", akiangalia chini. Aulizwe tena.

19/2, Jumatano, saa 7 mchana, bwaloni. MANENO. T2 amemwiga W3 lafudhi ya Kibena. Hatua: wamekalishwa pamoja. Matokeo 5/3: imekoma.

12/3, Jumatano, saa 3:35 usiku, bombani. KUNYANG'ANYWA. Sabuni ya W1 imechukuliwa na T1 na T3. T1 adai aliazima. Hatua: mzazi wa T1 amepigiwa simu. Matokeo 26/3: sabuni imerudi, lakini W1 sasa anaamka saa 10 alfajiri kuchota maji, kwenye baridi hii, ili asikutane nao.

24/4, Alhamisi, saa 3:50 usiku, bombani. KUPIGWA. W4 amepigwa kofi na T3 kwa kukataa kubeba ndoo. Hatua: zahanati, hakuna jeraha, mzazi wa T3 ameitwa 28/4. Matokeo 12/5: hajarudia.

15/5, Alhamisi, saa 11 alfajiri, bwenini. KUNYANG'ANYWA. Sweta la W5, aliyelichukua hajulikani. Matokeo 29/5: halijapatikana. Tukio liko wazi.

Usomaji wa muhula, 30/5. Matukio 4 kati ya 6 ni bombani, saa 3:35 hadi 3:50 usiku. Ukisoma kwa aina tu huoni kitu, maana yameingia chini ya aina 3 tofauti. Panga kwa mahali na saa. Prepo huisha saa 3:30, taa huzimwa saa 4:00. Katikati hapo mwalimu wa zamu anafunga madarasa, patroni yuko mlangoni mwa bweni, na bombani hakuna mtu mzima. T1 yumo mara 3. Matokeo ya 5/2 yalikuwa kweli kwa W1 pekee: kesho yake T1 alihamia kwa W2.

Muhula wa pili: maji yachotwe saa 10 jioni, patroni asimame bombani saa 3:30 hadi 4:00, wiki 2 baada ya kila tukio waulizwe njuka wote wa chumba, mmoja mmoja. T1 na T3 waanze unasihi wiki ya kwanza, kila mmoja kivyake. W2 aulizwe siku ya kufungua shule.