Nishati huru sanifu na konstanti ya msawazo: hesabu ya tanuri la chokaa

Mlinganyo wenyewe ni mfupi:

ΔG° = −RT ln K

R ni 8.314 J K⁻¹ mol⁻¹, T ni halijoto kwa kelvini, na ln ni logi asilia. ΔG° ni tofauti ya nishati huru kati ya mazao na vitendanishi, kila kimoja kikiwa katika hali sanifu: gesi kwenye kanieneo la bar 1, yabisi ikiwa safi. K hueleza mmenyuko utatulia wapi. ΔG° ikiwa hasi, K huzidi 1 na mazao hutawala. Ikiwa chanya, K hushuka chini ya 1. Ikiwa sifuri, K ni 1 kamili.

Uhusiano huu ni wa kilogi, na hapo ndipo ukali wake ulipo. Kwa 298 K, kila kilojuli 5.7 za ΔG° huibadilisha K mara kumi. Kwa hiyo kosa dogo katika nishati huzaa kosa kubwa katika K. Tutaliona hilo mwishoni kwa namba.

Mfano wetu ni uchomaji wa chokaa, kazi ambayo pwani ya Waswahili imeifanya kwa karne nyingi kwa kupanga mawe ya matumbawe juu ya magogo na kuwasha moto:

CaCO₃(s) ⇌ CaO(s) + CO₂(g)

Mawe na chokaa ni yabisi safi, hivyo kila kimoja huhesabiwa kuwa 1 na hakionekani ndani ya K. Inabaki gesi peke yake: K = p(CO₂) ÷ bar 1. Kuongeza mawe tanurini hakubadilishi K hata kidogo.

Takwimu za 298 K (CaCO₃ ni ya umbo la kalsaiti, ya matumbawe mengi ni aragonaiti, lakini tofauti ni kama kilojuli 1 tu)

| | ΔH°f (kJ/mol) | S° (J/K mol) | ΔG°f (kJ/mol) |
|---|---|---|---|
| CaCO₃ | −1206.9 | 92.9 | −1128.8 |
| CaO | −635.1 | 39.8 | −604.0 |
| CO₂ | −393.5 | 213.7 | −394.4 |

Swali (a). Tafuta K kwa 298.15 K.

Mazao kutoa vitendanishi:

ΔG° = (−604.0 − 394.4) − (−1128.8) = +130.4 kJ/mol

Kabla ya kugawa, geuza kilojuli ziwe juli, kwa sababu R iko kwa juli:

ln K = −130 400 ÷ (8.314 × 298.15) = −130 400 ÷ 2478.8 = −52.6

K = e^(−52.6) ≈ 1.4 × 10⁻²³

Yaani kanieneo la CO₂ linaloweza kusawazika na jiwe kwenye joto la kawaida ni sawa na hakuna. Ukuta wa matumbawe hausambaratiki wenyewe juani.

Anayesahau kugeuza vizio hupata ln K = −0.0526 na K = 0.95. Jibu hilo ni hatari kwa sababu halishtui. Linaonekana la kawaida kabisa. Lipime kwa akili: K ya 0.95 ingemaanisha mawe ya nyumba yanatoa CO₂ ya karibu bar 1 mchana kutwa.

Swali (b). Tafuta K kwa 800 °C, ukichukulia ΔH° na ΔS° hazibadiliki na joto.

Hapa ΔG° ya kwenye jedwali haifai, maana ni ya 298 K. Kosa la kuichukua 130.4 na kuigawa kwa RT ya 1073 K hujirudia kila mwaka kwenye mitihani. Ijenge upya kwa ΔG° = ΔH° − TΔS°, ΔH° ikiwa badiliko la enthalpi na ΔS° la entropia:

ΔH° = (−635.1 − 393.5) + 1206.9 = +178.3 kJ/mol

ΔS° = 39.8 + 213.7 − 92.9 = +160.6 J/K mol

T = 800 + 273 = 1073 K

ΔG° = 178 300 − (1073 × 160.6) = 178 300 − 172 324 = +5976 J/mol

ln K = −5976 ÷ (8.314 × 1073) = −5976 ÷ 8921 = −0.670

K = 0.51

Ukiweka 800 badala ya 1073 utapata K ya 5.6 × 10⁻⁴, pungufu karibu mara elfu moja. Kikokotoo nacho kina mtego wake: kitufe cha log ni cha msingi wa 10. Ukikitumia, lazima uandike ΔG° = −2.303 RT log K.

Swali (c). ΔG° ya 800 °C ni chanya. Je, mawe hayawezi kuiva?

Yanaweza. ΔG° inazungumzia CO₂ ya bar 1, na tanuri halina CO₂ kiasi hicho. Hali halisi hupimwa kwa ΔG = ΔG° + RT ln Q, Q ikiwa p(CO₂) iliyopo wakati huo. Tuseme moshi unapita vizuri na p(CO₂) ni bar 0.20:

ΔG = 5976 + 8921 × ln 0.20 = 5976 − 14 358 = −8382 J/mol

Ni hasi, kwa hiyo jiwe linavunjika. Sasa tuseme rundo limebanwa, hewa haipiti, na CO₂ imefika bar 0.80:

ΔG = 5976 + 8921 × ln 0.80 = 5976 − 1991 = +3985 J/mol

Mmenyuko unarudi nyuma: chokaa iliyokwisha kuiva inanyonya CO₂ na kuwa jiwe tena. Halijoto ni ileile. Kilichobadilika ni hewa. Ndiyo maana rundo huachiwa mianya, na ndiyo maana kiini cha jiwe kubwa hubaki kibichi: mbali na joto kuchelewa kufika, gesi nayo hukwama ndani.

Swali (d). Kwa makadirio yetu, ΔG° inakuwa sifuri kwa joto gani?

T = 178 300 ÷ 160.6 = 1110 K, yaani 837 °C.

Vipimo halisi huiweka karibu na 900 °C. Tumekosa kama nyuzi 60 kwa sababu ΔH° na ΔS° hupungua kidogo joto linapopanda, nasi tumezigandisha kwenye thamani za 298 K. Kwa makadirio ya darasani yatosha. Kwa kusanifu tanuri haitoshi, lazima ubadilikaji wa uwezo joto uingizwe.

Swali (e). Kalsiamu kabonati imefungwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, ikapashwa hadi 800 °C. Geji imetulia kwenye bar 0.24, na yabisi zote mbili bado zimo. Tafuta ΔG° na uilinganishe na ya swali (b).

Kwanza uhakika wa yabisi: kama CaCO₃ ingekuwa imekwisha, geji ingesoma gesi iliyopatikana tu, si msawazo. Zote zimo, kwa hiyo K = 0.24. Usiandike 24 000 hata kama geji yako iko kwa paskali. Hali sanifu ni bar 1.

ΔG° = −8921 × ln 0.24 = −8921 × (−1.427) = +12 731 J/mol ≈ +12.7 kJ/mol

Makadirio yalitupa +6.0. Tofauti ni kilojuli 6.7, chini ya asilimia 4 ya ΔH°, lakini K yetu ya 0.51 imezidi ile ya geji zaidi ya mara mbili.